Umepungua kilo, je vidonge vyako vimepungua?

Ndugu msomaji, wiki hii tunazungumza na wale wanaotumia vidonge vya kisukari na vya presha ambao, Alhamdulillah, wamefanikiwa kupungua uzito. Wapo walioacha soda na mandazi, wapo waliorudi shambani, na wapo wanaofunga Jumatatu na Alhamisi. Wengi wao wamebadilika mwili mzima, lakini vidonge wanavyomeza ni vilevile walivyoandikiwa siku walipokuwa na kilo tisini na kitu. Hapo ndipo penye hatari tunayotaka kuieleza.

Tuchukue mfano wa mzee mmoja wa Busisi. Hatutamtaja jina kwa kuwa ni mfano tu, lakini atafanana na mzee unayemjua. Ana umri wa miaka 63. Kwa miaka mingi alikaa kwenye kiti pale gatini akiuza bidhaa kwa abiria waliokuwa wakisubiri kivuko cha kwenda Kigongo. Kazi yake ilikuwa kukaa, soda ilikuwa karibu, na sahani ya ugali wa muhogo ilikuwa kubwa. Alikuwa na kilo 96. Daraja lilipofunguliwa Juni 2025, magari yakaanza kupita juu bila kusimama na wateja wakaisha. Mzee akarudi kwenye shamba lake, anakwenda na kurudi kwa miguu. Akaacha soda, akapunguza ugali, akaongeza samaki na mboga, na akaanza kufunga sunna. Leo ana kilo 79, yaani amepungua kilo 17.

Vidonge vyake ni hivi. Kwa sukari anameza glibenklamaidi ya miligramu 5 asubuhi na jioni, ambayo wengi huiita Daonili, na metformini ya miligramu 500 mara mbili kwa siku. Kwa presha anameza amlodipini ya miligramu 10, losatani ya miligramu 50, na bendrofluazidi ya miligramu 5, ile inayojulikana kama dawa ya kukojosha. Siku za kufunga humeza vidonge vya asubuhi wakati wa daku, kisha hashiki kitu mpaka Magharibi.

Sasa sikiliza anavyojisikia. Ikikaribia Alasiri mikono hutetemeka, jasho la baridi humtoka, na moyo humwenda mbio. Siku moja alimjibu mkewe maneno yasiyoeleweka. Anapoinuka kutoka kwenye sijda, macho huingia giza na inabidi ashike ukuta. Watoto wake wanasema ni uzee. Yeye mwenyewe anasema ni saumu, kwa sababu kabla ya kufunga hali haikuwa hivyo. Jirani mmoja ameanza kunong'ona mambo mengine tusiyotaka kuyaandika hapa. Hakuna aliyefikiria vidonge, kwa sababu vidonge ndivyo vilivyomponya!

Tuanze na glibenklamaidi, kwa kuwa katika vidonge vyote vya mzee huyu ndiyo yenye madhara ya haraka zaidi. Kazi yake ni kuliamrisha kongosho limwage insulini, na insulini ndiyo inayoshusha sukari. Tatizo ni kwamba dawa hii haiulizi kama umekula. Sukari ikiwa 12 italiamrisha kongosho, na sukari ikiwa 4 italiamrisha vilevile. Wakati mzee alikuwa na kilo 96, mwili wake ulikuwa umejaa mafuta, hasa kwenye ini na tumboni, na mafuta hayo huifanya insulini ishindwe kufanya kazi vizuri, kwa hiyo alihitaji insulini nyingi. Mafuta yakipungua, insulini ileile kidogo inatosha. Ukiendelea kumeza kidonge cha kuimwaga kwa wingi, sukari haitasimama kwenye kiwango kizuri, itapitiliza chini. Ongeza kutwa nzima bila chakula na jembe mkononi, na utaona kwa nini mikono inatetemeka Alasiri.

Metformini ni tofauti. Haiamrishi kongosho, bali hulizuia ini lisitoe sukari kupita kiasi na husaidia mwili kuitumia insulini uliyonayo. Ikiwa peke yake ni nadra sana kushusha sukari mpaka hatarini. Ndiyo maana matabibu wengi huiacha iwe ya mwisho kupunguzwa, wakati glibenklamaidi huwa ya kwanza. Jambo hili huwachanganya wagonjwa, maana metformini ndiyo inayoleta gesi na kuharisha. Hivyo mtu akitaka kujipunguzia mwenyewe huiacha metformini kwa sababu inamsumbua tumbo, akabaki na ile inayoweza kumwangusha.

Shirika la Afya Duniani limeweka katika orodha yake ya dawa muhimu kwamba glibenklamaidi haifai kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 60, na badala yake imewekwa gliklazaidi. Kama una mzazi wa umri huo anayeitumia, swali la kumuuliza daktari ni kama bado anaihitaji hata kama hakupungua kilo yoyote.

Kuhusu presha, hesabu ni nyepesi. Tafiti zilizojumlishwa pamoja zimeonesha kwamba kwa wastani kila kilo moja inayopungua hushusha ile namba ya juu ya presha kwa kiasi cha kipimo kimoja. Huo ni wastani tu, mmoja atashuka zaidi na mwingine kidogo. Lakini kwa mzee wetu, kilo 17 ni karibu sawa na nguvu ya kidonge kizima au zaidi. Kwa maneno mengine, ni kama mtu aliyeongezewa dawa ya presha bila kuandikiwa. Na ile ya kukojosha inamnyang'anya maji na chumvi siku ambayo hanywi kitu tangu alfajiri.

Hapa ndipo watu hukosea njia mbili. Wa kwanza anasikia maneno kama haya na kesho anatupa vidonge vyote. Wa pili anaogopa kumgusia daktari, akidhani ataambiwa ameikataa dawa. Njia sahihi ni kwenda na kila kitu mkononi. Chukua vidonge vyote unavyotumia, pamoja na vile ulivyonunua mwenyewe dukani na dawa za asili, iwe mlonge, habbat sauda au maji ya bamia, kwa sababu baadhi yake navyo huweza kushusha sukari. Vitie kwenye mfuko mmoja. Chukua daftari lako la kliniki lenye uzito wa zamani. Mtu wa Busisi aliyekuwa akisema kwamba kuvuka kwenda Mwanza kunammalizia siku kwenye foleni ya kivuko, sasa Bugando iko upande wa pili wa daraja, na wa kwenda Sengerema hahitaji hata kuvuka.

Mwambie daktari siku na saa uliyotetemeka, ulikuwa umekula nini na umemeza nini. Ukiweza pima sukari wakati uleule unapotetemeka, siyo asubuhi ya pili, kwa sababu kipimo cha asubuhi kinaweza kuwa kizuri kabisa na daktari akakurudisha nyumbani na dawa zako. Mzee wetu alipimwa Alasiri akiwa anatoka jasho, mashine ikasoma 3.4 mmol/L. Chini ya 3.9 ni sukari ya kushuka. Chini ya 3.0 ni hatari inayoweza kumpotezea mtu fahamu.

Jambo la kwanza daktari atakalouliza ni kama kupungua huko ulikukusudia. Usilichukulie swali hili kirahisi. Mtu anaweza kupungua kwa sababu kisukari kimemzidi na sukari inamwagika kwenye mkojo, au kwa kifua kikuu, au ugonjwa wa tezi la shingo, au saratani. Huyo hapunguziwi dawa kwa kuwa amekonda, bali hutafutwa kinachomkondesha. Ishara ni kwamba kilo zinaondoka wakati kula hakujabadilika, tena kwa kiu, homa za jioni au kikohozi kisichoisha.

Jambo la pili ni figo, na hili wengi hawalijui. Mtu mwenye kisukari cha muda mrefu ambaye ghafla sukari yake inaanza kuwa nzuri mno, hata kushuka, anaweza kudhani amepona kumbe figo zinachoka. Figo ndizo zinazosaidia kuondoa insulini na mabaki ya glibenklamaidi mwilini. Zikidhoofika, dawa inajikusanya na nguvu yake inaongezeka siku hadi siku. Kwa hiyo kabla ya kufurahia, omba kipimo cha damu cha kreatinini na kipimo cha protini kwenye mkojo. Kwa mzee wetu kreatinini ilikuwa ya kawaida, ila mkojo ulikuwa na protini kidogo. Kumbuka hiyo protini, tutairudia.

Kisha presha ipimwe mara mbili. Kwanza ukiwa umekaa umetulia dakika tano, halafu usimame na upimwe tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Kipimo cha kusimama mara nyingi hurukwa kwenye kliniki yenye foleni ndefu, nawe una haki ya kukiomba kwa adabu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, basi giza la macho limepata sababu. Mzee alipokaa alisoma 112/68, na aliposimama akasoma 92/60. Kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, ambacho kwenye fomu ya maabara huandikwa HbA1c, kilikuwa asilimia 5.8. Kwa mtu wa miaka 63 anayemeza glibenklamaidi hiyo siyo sifa, ni dalili kwamba dawa imezidi.

Baada ya hapo maamuzi hayakuwa magumu. Glibenklamaidi ilisimamishwa siku ileile, yote. Kwa mtu ambaye sukari yake ya asubuhi bado ni 8 au 9 daktari angeweza kuipunguza nusu kwanza na kungoja, lakini kwa aliyekwisha kufika 3.4 hakuna sababu ya kungoja. Bendrofluazidi nayo ilisimamishwa. Metformini ikabaki kama ilivyo, amlodipini na losatani zikabaki kama zilivyo.

Utauliza, mbona tunaambiwa tupunguze dawa moja moja? Ni kweli, na sababu yake ni kwamba ukipunguza tatu kwa pamoja na mambo yakaharibika, hutajua ni ipi iliyokuwa ikikusaidia. Lakini hapa kila dawa ina kipimo chake. Ya sukari tutaifuatilia kwa kipimo cha sukari, ya presha kwa mashine ya presha. Kisichofaa ni kupunguza mbili za presha siku moja bila sababu ya haraka.

Wiki mbili za mwanzo ndizo za kuangalia kwa makini. Vibanzi vya kupimia sukari ni ghali, kwa hiyo havipotezwi ovyo. Mzee alipangiwa kupima asubuhi kabla ya kula, kila siku kwa wiki moja, na mara chache Alasiri. Presha alipima kituo cha afya mara mbili kwa wiki, kila mara akiwa amekaa na akiwa amesimama. Akaandika kwenye daftari, siyo kichwani. Aliambiwa mapema lini arudi kabla ya siku yake: sukari ya asubuhi ikizidi 10 kwa siku tatu mfululizo, au akianza kukojoa sana na kuwa na kiu, au presha ikirudi 140/90 au zaidi katika vipimo kadhaa. Ikifika 180/110 asingoje siku, aende siku hiyohiyo. Ikiwa pamoja na maumivu ya kifua, kupooza upande au kuchanganyikiwa, asingoje hata saa.

Alirudi baada ya wiki mbili. Kutetemeka kumekwisha. Sukari ya asubuhi ilikuwa kati ya 5.8 na 6.5, yaani imepanda kidogo kutoka ilivyokuwa, na hilo ndilo lililotakiwa. Wengine wakiona namba imepanda wanaogopa na kurudia kidonge kimyakimya. Kupanda kutoka 5 hadi 6 si ugonjwa kurudi. Presha ilikuwa 124/76 akiwa amekaa na 116/74 akiwa amesimama. Giza la macho limeondoka.

Hapo daktari hakugusa kitu kwa wiki nne. Uzito ulipoendelea kushuka kidogo, amlodipini ilitoka miligramu 10 ikawa 5. Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo ukiipunguza leo na kupima kesho hutaona lolote. Subiri wiki moja hadi mbili ndipo kipimo kiseme kweli. Presha ikatulia kwenye 130/80, na wakasimama hapo.

Mzee akaomba losatani nayo iondoke. Daktari akakataa, na sababu ni ile protini kwenye mkojo. Losatani haipo kwa ajili ya presha peke yake, inazikinga figo. Hili ni jambo la kuuliza kwa kila kidonge kabla ya kukiacha: kiliandikwa kwa kazi gani? Atenololi inaweza kuwa imeandikwa kwa presha, lakini pia kwa moyo, na ukiikata ghafla mapigo hupaa na mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kupata maumivu makali ya kifua. Hiyo hupunguzwa hatua kwa hatua. Prednisoloni iliyotumiwa kwa wiki nyingi haikatwi ghafla hata kidogo. Na wanaojidunga insulini tangu utotoni au ujanani, kwa kisukari kile ambacho kongosho limekufa, hawaiachi hata wakipungua vipi. Kipimo cha sindano kinaweza kupunguzwa na daktari, lakini sindano haiondoki.

Neno dogo kuhusu kukata vidonge. Kidonge chenye mstari katikati hukatwa vizuri. Vile vilivyotengenezwa kutoa dawa polepole kutwa nzima havikatwi wala havitafunwi, maana dawa yote hutoka kwa mkupuo. Muulize mfamasia kabla ya kushika kisu.

Je, mtu anaweza kufika mahali asihitaji kidonge chochote cha sukari? Inawezekana kwa baadhi. Uingereza, Profesa Roy Taylor wa Newcastle na Profesa Mike Lean wa Glasgow waliwafuatilia watu wenye kisukari cha ukubwani kisichozidi miaka sita, wasiotumia insulini. Waliopewa mpango wa kupunguza uzito walisimamishiwa vidonge vya sukari na vya presha siku ya kwanza, chini ya uangalizi, na vikarudishwa kwa aliyevihitaji. Matokeo yalitoka Desemba 2017. Baada ya mwaka mmoja karibu nusu yao, asilimia 46, sukari ilikuwa chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Kwa waliopungua kilo 15 au zaidi ilikuwa asilimia 86. Baada ya miaka miwili ile 46 ilishuka ikawa 36, kwa sababu wengine walirudisha kilo. Mzee wetu amepungua kilo 17, lakini kisukari chake ni cha miaka mingi, na kongosho lililochoka muda mrefu halirudi kwa urahisi. Kwa hiyo metformini yake inabaki, na kila miezi mitatu hadi sita wastani wa sukari utapimwa tena. Akirudisha kilo tano, asingoje miezi hiyo.

Kuhusu saumu, wataalamu wa kisukari na Ramadhani wanashauri mgonjwa aonane na daktari wiki sita hadi nane kabla ya mwezi, siyo usiku wa kuandama. Anayebaki na glibenklamaidi au dawa za jamii yake asiimeze daku kwa kiasi kilekile cha asubuhi. Kawaida kipimo kikubwa huhamia kwenye futari na cha daku hupunguzwa au kuondolewa, daktari ndiye atakayesema. Kupima sukari kwa kutoboa kidole hakubatilishi saumu, kwa mujibu wa wanazuoni wengi. Sukari ikisoma chini ya 3.9, hata ikiwa imebaki nusu saa Magharibi, fungua. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul Baqarah aya ya 184, na siku hiyo italipwa baadaye kwa mwenye uwezo.

Na ukifungua kwa ajili hiyo, usianze na ugali. Koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji unywe, au kunywa nusu chupa ya soda ya kawaida, siyo ile isiyo na sukari. Tende ni nzuri lakini maji ya sukari hufika haraka zaidi. Ngoja dakika 15, pima tena, ikiwa bado iko chini rudia. Ikipanda ndipo ule chakula. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu mdomoni, atapaliwa, alazwe ubavu na akimbizwe hospitali. Na aliyeshuka kwa glibenklamaidi apelekwe hospitali hata kama amezinduka na anacheka, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuendelea kuishusha sukari kwa saa 24 au zaidi, na mara ya pili humkuta mtu usingizini, nyumba nzima imelala.